Gunia na lebo yake: picha za "huyu ndiye" zinazozunguka WhatsApp

Picha iliingia kwenye grupu la mtaa wetu, Mtwara mjini, saa 2 usiku. Mwanamume ameketishwa chini, mikono imefungwa kwa nyuma, shati limechanika begani, na watu wamemzunguka. Chini yake kuna maneno kwa herufi kubwa: "HUYU NDIYE ALIYEIBA MTOTO NEWALA JANA. SAMBAZA KILA GRUPU AKAMATWE." Kabla ya saa 3 nilikuwa nimeipokea mara 4. Mara ya mwisho ilitoka kwa shangazi yangu aliyeko Nachingwea, ambaye aliongeza maneno yake mwenyewe: "Wanangu, fungeni milango."

Shangazi hakuwa na nia mbaya na mtu yeyote. Aliogopa kwa ajili ya wajukuu zake, na aliyemtumia aliogopa vilevile. Ndiyo maana picha za aina hii zinakwenda mbio kuliko tangazo la chanjo au bei ya mnada wa korosho. Katika makala haya nitaifuata picha hiyo hatua kwa hatua, kama nilivyoifuata usiku ule, kisha nitaeleza picha ya pili iliyonishinda kwa njia hizo hizo na kunilazimu kutumia nyingine. Nimebadilisha mambo machache ili wahusika wasitambulike.

Kwanza tuweke sawa maneno matatu tunayoyachanganya. Mtuhumiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa. Mshtakiwa ni yule aliyefikishwa mahakamani na kusomewa shtaka. Mwenye hatia ni yule ambaye mahakama imesikiliza ushahidi wa pande zote na kuamua kwamba ni yeye. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Picha yenye maneno "huyu ndiye" inaziruka hatua zote hizo. Mtu anayeonekana pale mara nyingi hata mtuhumiwa wa polisi si yeye, bali ni mtuhumiwa wa aliyeandika maneno.

Na hapo ndipo penye fundo lenyewe. Picha inayosambazwa ni vitu viwili vilivyogandishwa pamoja: kuna picha, na kuna maelezo. Mkulima wa korosho analijua jambo hili bila kufundishwa. Gunia likifika ghalani likiwa na lebo, lebo hiyo haikuota ndani ya korosho, kuna mtu aliyeifunga. Mpimaji hasomi lebo akaandika daraja. Anachoma bambo, anachota punje kutoka magunia kadhaa, anazikata na kuangalia kama zimejaa, zimeoza au zina unyevu. Gunia linaweza kuwa na korosho halisi kabisa huku lebo ikiwa ya shamba jingine na msimu mwingine.

Picha nyingi za "huyu ndiye" ni hivyo hivyo. Hazikuchorwa wala kuchezewa kwa kompyuta. Mwanamume yule kweli aliketi chini, kweli alifungwa mikono. Picha yenyewe inathibitisha hilo tu: kwamba kuna siku mtu huyu alikuwa mbele ya kamera. Neno "aliyeiba mtoto" halimo ndani ya picha, wala "Newala", wala "jana". Yote matatu yamo kwenye lebo, na lebo huandikwa kwa sekunde 20 na mtu usiyemjua. Kwa hiyo swali la "hii picha ni ya kweli?" linatupoteza. Tunayopaswa kuuliza ni matatu: picha hii ilipigwa wapi na lini, mtu huyu ni nani, na nani amesema kwamba yeye ndiye aliyefanya hilo?

Nilianza kwa kuyasoma maneno polepole, jambo ambalo halina gharama ya bando. Yanasema "sambaza akamatwe". Lakini mtu huyu ameshakamatwa, kamba ziko mikononi mwake! Aliyeandika maneno hakuiangalia picha yake, au alijua kwamba sisi hatutaiangalia. Kisha "jana" ni jana ipi? Ujumbe ukikaa siku kumi kwenye simu za watu, "jana" yake inabaki kuwa jana kila asubuhi. Na "Newala" ni wilaya nzima, yenye kata na vijiji vingi. Mtu aliyeshuhudia mtoto akiibiwa angetaja kijiji, angetaja mtoto ni wa nani, na angejua kama wazazi wamefika polisi wakapewa RB.

Kisha nikaangalia alama ambazo WhatsApp yenyewe inaweka. Ujumbe uliosambazwa kutoka sehemu nyingine huwa na mshale mmoja na neno Forwarded. Ukiona mishale miwili na maneno Forwarded many times, maana yake umepita kwenye mnyororo wa angalau mazungumzo 5 tangu kwa aliyeuanzisha. Picha aliyonitumia shangazi ilikuwa na mishale miwili. Hiyo haimaanishi kuwa ni uongo, kwa kuwa tangazo la kweli la msiba nalo linaweza kupata mishale miwili. Inamaanisha kwamba aliyekutumia si shahidi, na aliyemtumia yeye vilevile si shahidi, hata kama ni watu unaowaamini kuliko wote duniani. Shangazi yangu ni mkweli. Lakini ukweli wake ni kwamba ameipokea, basi.

Kukosekana kwa mishale nako kusikutulize. Mtu akipiga skrinishoti na kuituma upya, au akiihifadhi picha kwenye simu na kuipakia tena, hesabu inaanza sifuri na mishale inatoweka. Picha iliyozunguka nchi tatu inaweza kukufikia ikiwa safi, kana kwamba jirani yako ameipiga jioni hii.

Kuna kosa jingine ambalo nimeliona likifanywa na watu makini kabisa. Katika simu za Androidi, picha ya WhatsApp ikihifadhiwa hupewa jina la namna hii:

```
IMG-20250114-WA0023.jpg
```

Mtu huona 20250114 na kusema, "Tazama, imepigwa tarehe 14 Januari 2025." Hapana. Tarehe hiyo inahusu siku picha ilipoingia kwenye simu yako. Picha iliyopigwa miaka 6 iliyopita, ukiipokea leo, itaandikwa tarehe ya leo. Na taarifa za ndani za picha, zile ambazo kamera huandika kuhusu siku na mahali, WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo kwenye picha uliyopokea huwezi kupata tarehe ya kweli kwa kuifungua tu. Itabidi uitafute kwingine.

Sehemu ya kwanza ya kuitafuta ni ndani ya picha yenyewe, nyuma ya mtu. Macho yetu hukimbilia uso, na aliyeandika maneno anategemea hilo. Nikaukuza ukingo wa picha. Nyuma ya umati palikuwa na pikipiki, na kibao chake cha namba kilianza na herufi KM. Pikipiki za kwetu husajiliwa kwa MC mwanzoni. KM ni namba za pikipiki za Kenya. Pembeni kulikuwa na kibanda cha M-Pesa kilichopakwa kijani. Huku kwetu M-Pesa ni ya Vodacom na vibanda vyake ni vyekundu, ilhali M-Pesa ya kijani ni ya Safaricom, Kenya. Kitu kimoja peke yake kingeweza kuwa bahati, maana mtu anaweza kupaka kibanda rangi anayopenda. Viwili pamoja vilitosha kunifanya niache kuamini neno "Newala".

Mtu wa Mtwara au Lindi ana sababu ya ziada ya kuangalia hivi, kwa kuwa picha nyingi hutufikia kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Tangu vita ilipoanza Cabo Delgado mwaka 2017, simu zetu zimepokea picha za kutisha ambazo maelezo yake huhamishwa kwa urahisi, leo zikaitwa za Palma na kesho za Nanyamba. Ukiona bango la duka au ukuta wa ofisi wenye maneno ya Kireno, uko upande wa pili wa mto, hata kama lebo inataja kijiji chako.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuitafuta picha mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe. Wengi hudhani hii ni kazi ya mafundi, lakini simu ya kawaida yenye bando dogo inatosha. Nilifungua programu ya Google, nikabonyeza alama ya kamera iliyo kwenye kisanduku cha kutafutia, nikachagua picha kutoka kwenye simu. Hiyo inaitwa Google Lens. Kama maneno yameandikwa juu ya picha, yakate kwanza, maana mashine inaweza kuyafuata maneno badala ya picha. Tafuta kwanza picha nzima, kisha sogeza fremu kwenye kitu cha nyuma, kama jengo au bango. Njia nyingine ni kufungua tineye.com kwenye kivinjari, kupakia picha, na matokeo yakija kuchagua Oldest, ili nakala ya zamani zaidi itangulie. Uzuri wa TinEye ni kwamba inatafuta picha ile ile, hata ikiwa imekatwa au kupakwa rangi, wala haikuletei watu wanaofanana.

Kufanana kunastahili neno lake. Ukiweka uso peke yake kwenye Google Lens unaweza kuletewa nyuso zinazokaribiana, na mtu mwenye hamu ya kupata jibu atamchagua mmoja na kumpa jina. Hapo umeanzisha "huyu ndiye" nyingine. Unachotafuta ni nakala ya picha ile ile yenye tarehe ya zamani, yaani watu wale wale wamesimama palepale na mikunjo ya shati ni ile ile.

Nakala ya zamani niliyoipata ilikuwa imewekwa miaka 3 kabla ya usiku ule, kwenye ukurasa wa Kenya, na maelezo yake yalihusu mtu aliyeshukiwa kuiba mbuzi. Hakukuwa na mtoto wala Newala. Na nisije nikafanya kosa lile lile ninalolilaumu: hata hilo la mbuzi sikulichukua kuwa kweli, kwa kuwa nalo ni lebo ya mtu mwingine. Nilichokuwa na uhakika nacho ni kimoja, nacho kilitosha. Picha iliyokuwapo mtandaoni miaka 3 iliyopita haiwezi kuonyesha tukio la jana. Dakika zote, tangu kusoma maneno hadi hapo, zilikuwa kama 12.

Nilimwandikia shangazi peke yake, si kwenye grupu la familia, maana mkubwa hasahihishwi mbele ya watoto. "Shangazi, shikamoo. Ile picha ni ya Kenya, ya miaka 3 nyuma. Tazama namba ya pikipiki." Akajibu baada ya muda: "Marahaba mwanangu. Basi huyo wa Newala ni mwingine?" Swali lake lilinifundisha jambo. Picha ilikwisha kuanguka, lakini mwizi wa mtoto alikuwa bado yuko hai kichwani mwake. Ilibidi nimwambie pia kwamba nimempigia ndugu yetu aliyeko Newala, na huko hakuna aliyesikia mtoto kupotea isipokuwa kupitia picha hiyo hiyo. Anayesahihisha picha pasipo kusahihisha hofu amefanya nusu ya kazi.

Watu wa umri wa shangazi wana methali ya kujibu: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naiheshimu methali hiyo, lakini ilitungwa wakati lisemwalo lilipita midomoni mwa watu wanaofahamiana, katika kijiji ambamo msemaji angeweza kuulizwa kisimani kesho yake. Ujumbe wenye mishale miwili hauna msemaji wa kuulizwa. Na wakati mwingine kinacholetwa na lisemwalo ni msiba.

India walikiona hicho mwaka 2018. Kulisambaa video ya watu wawili kwenye pikipiki wakimnyakua mtoto barabarani, pamoja na maelezo kwamba wezi wa watoto wameingia wilayani. Video ilikuwa ya kweli kwa maana ya kwamba ilipigwa, ila ilikuwa tangazo la kuwahimiza wazazi wa Karachi, Pakistan, wawalinde watoto wao. Mwishoni mwa tangazo waendesha pikipiki humrudisha mtoto na kuonyesha bango lenye ujumbe. Kipande hicho cha mwisho kilikatwa. Watu kadhaa waliuawa na makundi yenye hasira katika majimbo tofauti mwaka huo. Tarehe 1 Julai, katika kijiji cha Rainpada jimbo la Maharashtra, wanaume 5 waliuawa kwa pamoja baada ya kudhaniwa kuwa wezi wa watoto. Mwezi huo huo WhatsApp ilianza kuweka alama ya Forwarded, na India ikawekewa kikomo cha kusambaza kwa mazungumzo 5 kwa mara moja. Kikomo hicho kilienea duniani Januari 2019, na Aprili 2020 ujumbe wenye mishale miwili ukazuiwa kwenda zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara moja. Kwa hiyo simu yako inapokataa kuituma picha kwa magrupu mengi kwa pamoja, haijaharibika.

Sasa picha ya pili, ile iliyonishinda.

Ilikuja msimu wa minada, wakati wakulima wanangoja malipo na kila mtu ana wasiwasi na fedha yake. Ilikuwa picha nzuri ya kijana amevaa shati jeupe, anatabasamu, nyuma yake ukuta mtupu. Maneno: "Huyu ndiye karani aliyekimbia na hela za wakulima. Ukimwona popote, usimwache." Likafuata jina lake la kwanza na la pili, na jina la chama cha msingi. Hakukuwa na pikipiki wala kibanda wala bango la kusoma. Niliipitisha Google Lens, sikupata kitu. TinEye nayo haikupata kitu.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Husema, "Nimeitafuta haipo, kwa hiyo ni mpya na ni ya kweli." Mashine hizi zinaijua picha iliyowahi kuwekwa mahali pa wazi mtandaoni na wao wakapita wakaiona. Picha ya profaili ya WhatsApp, picha ya stetasi, picha iliyopigwa harusini na kubaki kwenye simu za ndugu, hizo hawazioni. Kutopata kitu maana yake ni kwamba hujapata kitu. Na picha zinazowaumiza zaidi watu wa mji mdogo ni hizi hasa, zilizochukuliwa kwenye profaili ya mtu na kubandikwa lebo na jirani, mdeni, mpenzi wa zamani, au mtu aliyekosea tu.

Mashine ikinyamaza, kinachobaki ni kuuliza watu, kwa kwenda nyuma. Nilimuuliza aliyenitumia: "Umeitoa wapi, na yeye alimwona?" Alinitajia dereva wa bodaboda wa Chikongola. Dereva aliitoa kwenye grupu la madereva. Aliyeiweka grupuni alikuwa mtu wa Tandahimba, na yeye alikuwa na jibu tofauti na wote: alijiunganishia mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba karani fulani hajaonekana ofisini siku 3 na kwamba malipo yamechelewa. Akatafuta jina hilo kwenye simu yake, akapata namba yenye jina hilo, akafungua profaili, akachukua picha. Hatua tatu tu nyuma, na mnyororo wote ukaishia kwa mtu mmoja aliyekisia.

Yeyote aliyekulia kusini anaona tayari tatizo liko wapi. Majina yetu yanajirudia mno. Katika kijiji kimoja unaweza kuwakuta watu watatu wenye jina lile lile la kwanza na la baba. Kijana mwenye shati jeupe alikuwa na jina sawasawa na la karani, lakini hakuwa karani. Alikuwa fundi simu, na hakuwahi kufanya kazi kwenye chama chochote cha msingi. Karani mwenyewe, nilivyoambiwa na watu wa chama, alikuwa amelazwa, na malipo yalikuwa yanasubiri taratibu za benki kama kawaida. Katika lebo ile mlikuwa na makosa mawili yaliyobebana: hakukuwa na wizi, na kama ungekuwapo, mtu hakuwa huyo.

Kuna wanaosema kwamba kosa la namna hiyo ni la sisi watu wa mitaani, na kwamba picha ikitoka kwa wenye mamlaka imekwisha. Sri Lanka inaonyesha vinginevyo. Baada ya mabomu ya Pasaka ya tarehe 21 Aprili 2019, polisi wa nchi hiyo walitoa picha na majina ya washukiwa waliokuwa wakitafutwa. Picha mojawapo ilikuwa ya mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, binti ambaye hakuhusika kwa lolote. Polisi walikiri kwamba picha iliyotumika haikuwa ya mshukiwa, lakini kufikia hapo binti alikuwa ameshatishiwa maisha. Ikiwa ofisi yenye wapelelezi inaweza kulibandika jina kwenye uso usio wake, basi mtu mwenye simu na wasiwasi ataweza kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo tangazo la polisi lina kitu ambacho picha ya mishale miwili haina: lina mwenyewe. Tangazo halisi la mtu anayetafutwa linataja ofisi iliyolitoa, linataja tuhuma, lina tarehe, na lina namba ya kupiga. Unaweza kumuuliza polisi kata wako, au kituo, au ofisi ya kamanda wa polisi wa mkoa, kama wanalitambua. Likiwa na kosa, kuna anayewajibika kulirekebisha. Ningekuwa na nafasi ya kuuliza jambo moja tu kabla ya kusambaza, ningeuliza hilo: nimpigie nani nikitaka kujua zaidi? Kama hakuna namba wala ofisi, na aliyenitumia hajui, picha hiyo inaishia kwangu.

Kuhusu sheria, kuna maneno ambayo watu huyaweka mwishoni kama kinga: "nimetuma kama nilivyopokea". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamhusu mtu anayechapisha taarifa, ikiwemo picha, akijua kuwa ni ya uongo au inapotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kuupotosha umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Neno zito hapo ni "akijua". Kwa maoni yangu, aliyetuma saa 2 usiku kwa hofu na aliyeendelea kutuma saa 4, baada ya kuonyeshwa namba ya pikipiki ya Kenya, hawako mahali pamoja tena.

Je, kama umeshatuma? WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote ndani ya siku 2 na saa 12 hivi, na msimamizi wa grupu anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine grupuni mwake. Lakini nakala zilizokwisha kusambazwa kwingine hazifutiki nawe. Kwa hiyo kufuta kimya kimya hakutoshi, kunaondoa picha na kuacha habari. Rudi kwenye kila grupu ulikoituma na uandike kwa maneno, pasipo kuirudisha picha: "Ile picha niliyotuma jana usiku ya karani si ya karani. Nimekosea, tafadhali msiitume." Ukiirudisha picha ili kuisahihisha, kuna watakaoitazama bila kusoma.

Na kama wewe mwenyewe ndiye uliyeshuhudia, umepiga picha ya mtu akivunja duka, hali ni tofauti kabisa. Una ushahidi, na ushahidi huharibika ukipita mitaani. Usiikate, usiiandike juu, usiitume kwanza grupuni. Nenda nayo kituoni ikiwa kwenye simu iliyoipiga, au ikibidi kuituma, itume kama faili kupitia Document, maana hivyo taarifa za siku na mahali zinabaki ndani yake. Kukiwa na hatari ya papo hapo, piga 112.

Fundi simu yule alijifungia nyumbani karibu wiki mbili. Mama yake ndiye aliyewafungulia wateja kibanda, akiwaeleza mmoja mmoja kwamba mwanawe si karani. Mtu wa Tandahimba alikwenda kumwomba radhi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kwa hilo nampa heshima yake. Kijana ameondoa uso wake kwenye profaili, siku hizi kuna picha ya mkorosho wenye maua. Msimu uliofuata, minada ilipofunguliwa tena mwezi Oktoba, picha ya shati jeupe iliingia kwenye simu yangu kutoka kwa mtu wa Liwale, haina mshale hata mmoja, na jina la chama limebadilishwa. Nilikuwa nimeyahifadhi maneno ya masahihisho. Nikamtumia, nikamuuliza ameitoa wapi.